Filimbi ya Jumapili haiwezi kupangwa kwa simu ya Jumamosi usiku

BUTEMBO. Leo siandiki juu ya matokeo. Matokeo mnayajua. Naandika juu ya jambo linalofanyika kabla ya mpira kuwekwa katikati: nani anachagua mwamuzi, anamchagua namna gani, na kwa nini timu zile zile zinampata mtu yule yule.

Msimu uliopita nilisimama kwenye mstari wa kiwanja kimoja hapa mjini, katika mashindano ya vijana ambayo sitayataja jina. Timu moja ilikuwa ya wakaaji wa hapa. Nyingine ilikuwa ya vijana waliokimbia vita kutoka upande wa kusini wa Lubero, hawa ambao mitaani tunawaita madeplase. Dakika za mwisho ikapigwa penalti. Sisemi penalti haikuwepo. Nilikuwa mbali, na jua lilikuwa usoni mwangu. Lakini kabla mpira haujapigwa mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu, amebeba mtoto mgongoni, aliniambia polepole: "Papa, yule mwenye filimbi ni mtoto wa dada ya mwenye timu." Nikauliza watu watatu. Wote watatu walijua. Anayepanga waamuzi naye alijua. Nilipomfuata baada ya mechi alinijibu bila haya: "Yaya, nilimpigia simu usiku, ndiye aliyekuwa karibu. Wewe unadhani nina pesa za kumleta mtu kutoka Beni?"

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mpaka limechosha masikio yangu. Nataka kulibomoa leo, na sitalibomoa kwa hasira, maana hasira kila mtu anayo. Nitalibomoa kwa hesabu ya kalamu na karatasi.

Kwanza tukubaliane kwamba mpangaji ana shida ya kweli. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilometa 54, ile njia iliyoandikwa katika mradi wa barabara wa Uganda na Kongo. Kutoka Beni hadi Oicha, kiti cha teritware ya Beni, ni kama kilometa 30 nyingine. Mtu wa Ulaya akitazama ramani atasema hayo ni matembezi. Sisi tunajua kwamba njia hapa haipimwi kwa kilometa. Inapimwa kwa swali moja: je, nitarudi kabla ya giza? Tangu mauaji ya Oktoba 2014 kuzunguka Beni, kaskazini mwa mji kuna siku unapita na siku hupiti. Upande wa kusini, Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa sita 2024, na tangu Goma ilipochukuliwa mwezi wa kwanza 2025, habari ya kumleta mwamuzi wa Goma apulize filimbi Butembo imebaki hadithi ya zamani. Basi waamuzi tulio nao ni hawa walio hapa, na ni wachache.

Lakini kuwa wachache si sababu ya kupanga ovyo. Ukiwa na unga kidogo, ndiyo wakati wa kupima kwa kikombe.

Mpangaji anavutwa na mambo matatu. La kwanza ni uhusiano: mwamuzi asiwe na mkono wala mguu katika timu yoyote kati ya hizo mbili. La pili ni kurudiarudia: mwamuzi asikutane na timu ile ile wiki kwa wiki, kwa maana hata mtu mwaminifu akiizoea timu anaanza kuwaita wachezaji kwa majina, na akiichukia anaanza kuwatafutia kadi. La tatu ni safari. Mambo haya matatu hayana uzito sawa, na kosa la kwanza la wapangaji wetu ni kuyaweka yote katika kapu moja. Uhusiano ni mlango uliofungwa. Haufunguliwi kwa sababu mvua imenyesha. Safari ni gharama. Unaweza kuipandisha au kuishusha. Kurudiarudia kuko katikati: unaweka sheria, na siku moja ya dhiki unaweza kuilegeza mbele ya watu wote, ukiandika kwa nini. Yule wa simu ya usiku anafanya kinyume. Safari ndiyo ameifanya mlango uliofungwa, na uhusiano ameufanya gharama.

Sasa chukueni karatasi. Nitatumia mfano niliotunga mimi, wa timu sita na waamuzi watano, ili hesabu ionekane na asitukanwe mtu.

Butembo ina timu mbili, Nyekundu na Kijani. Beni ina mbili, Nyeupe na Bluu. Oicha ina moja. Ya sita ni timu ya vijana wa Kanyabayonga wanaoishi sasa Butembo na kuchezea hapa. Waamuzi wa kati ni watano. Mwalimu anakaa Butembo, na shule anayofundisha ni ya rais wa Nyekundu. Basi Nyekundu hawezi kuigusa. Fundi cherehani anakaa Butembo, hana uhusiano na timu yoyote, lakini wiki iliyopita alichezesha mechi ya Kijani. Muuguzi anakaa Beni, hana uhusiano, ila wiki iliyopita alikuwa na Bluu. Wa nne nitamwita Mgeni: ni mwamuzi mwenye karatasi zake zote, alikimbia kutoka Kanyabayonga, anapanga chumba hapa Butembo. Hawezi kuchezesha timu ya Kanyabayonga, nyingine zote anaweza. Wa tano ni Baba wa Oicha, na mtoto wake anacheza katika timu ya Oicha.

Sheria ya kurudia tuiweke hivi: ukishachezesha timu, raundi mbili zipite kabla hujaigusa tena.

Raundi ya wiki hii ina mechi tatu. Nyekundu inaipokea Nyeupe hapa Butembo. Vijana wa Kanyabayonga wanaipokea Bluu, hapa hapa Butembo. Oicha inaipokea Kijani kule Oicha.

Mtazameni kwanza mtu wa simu. Anaanza na mechi kubwa, Nyekundu na Nyeupe, kwa sababu huko ndiko kuna watu wengi na kelele nyingi. Anataka mwamuzi mzuri, anampigia Muuguzi wa Beni, ambaye ni mkali na mbali na fitina za Butembo. Anajisikia amefanya kazi. Mechi ya pili anampa Fundi. Halafu anafika Oicha na mikono mitupu. Muuguzi amekwisha kumtuma Butembo. Fundi hawezi, Kijani alikuwa nayo juzi. Mwalimu na Mgeni wote wako Butembo, na kutoka hapa hadi Oicha ni kilometa 84 kwenda tu, pikipiki na hatari juu yake. Amebaki nani? Baba wa Oicha, ambaye mtoto wake ni beki wa timu. "Si yuko karibu?" anasema. Na hapo ndipo dhuluma inapozaliwa, jamani. Haizaliwi kila mara kwa bahasha ya pesa. Mara nyingi inazaliwa kwa sababu mtu alianza na mechi isiyo ya kwanza.

Mtu wa karatasi anaanza kwingine. Kabla ya kumpa mtu yeyote mechi yoyote, anahesabu kila mechi ina waamuzi wangapi wanaoweza. Mechi ya Nyekundu na Nyeupe ina wanne: wote isipokuwa Mwalimu. Mechi ya Kanyabayonga na Bluu ina watatu: Mwalimu, Fundi na Baba wa Oicha, kwa sababu Mgeni ni wa kwao na Muuguzi alikuwa na Bluu juzi. Mechi ya Oicha ina watatu pia, lakini ukitoa wale wawili wa kusafiri kilometa 84, anabaki mmoja tu: Muuguzi, aliye kilometa 30 kutoka pale. Basi Oicha ndiyo inayopangwa kwanza. Muuguzi anakwenda Oicha, mwisho wa maneno. Mechi yenye watu wachache wa kuchagua hupangwa mbele. Yenye wengi husubiri, maana haitakosa mtu.

Halafu mechi kubwa. Jicho linakwenda moja kwa moja kwa Mgeni: si mtu wa Butembo, si mtu wa Beni, na anafika kiwanjani kwa miguu. Ni kama alitumwa. Mtu wa karatasi karibu aandike jina lake, lakini kwanza anafungua ukurasa wa wiki ijayo. Wiki ijayo kuna Kijani na Nyekundu, ndugu wawili wa mji mmoja, mechi ambayo hata wachungaji wanaondoka ibadani mapema. Nani ataichezesha? Mwalimu hawezi kwa sababu ya mwajiri wake. Fundi bado ana Kijani mgongoni. Muuguzi naye atakuwa ametoka kuichezesha Kijani kule Oicha. Mgeni, tukimpa Nyekundu wiki hii, naye amefungwa. Atabaki Baba wa Oicha peke yake, ambaye ni safi kwa mechi hiyo lakini itabidi apite njia yote kutoka Oicha hadi Butembo na kulala huku.

Basi Mgeni anawekwa akiba. Nyekundu na Nyeupe anapewa Fundi. Fundi ni mtu wa Butembo, ndiyo, na watu wa Beni watanung'unika. Kwa hiyo bendera moja ya pembeni inapewa mtu wa Beni, na inatangazwa kwamba ndivyo ilivyo na kwa nini. Mechi ya Kanyabayonga na Bluu inakwenda kwa Mwalimu. Wiki ijayo Mgeni anachezesha Kijani na Nyekundu, hana upande, hana safari.

Hesabuni gharama. Mtu wa simu alimsafirisha Muuguzi kilometa 54 kuja Butembo na 54 kurudi: 108. Na juu ya hizo 108 akampata baba mzazi akimchezesha mtoto wake. Mtu wa karatasi alimsafirisha Muuguzi huyo huyo kilometa 30 kwenda Oicha na 30 kurudi: 60, na hakuna aliyechezesha ndugu yake. Basi iko wapi ile hoja ya pesa? Mpango safi umekuwa rahisi kuliko ule mchafu. Haitakuwa hivyo kila wiki, sidanganyi. Kuna raundi ambazo usafi utagharimu. Lakini yule asiyeandika hawezi hata kujua ni wiki gani.

Sikubuni maarifa haya kwa kichwa changu. Chile, nchi ndefu na nyembamba ya zaidi ya kilometa 4,000 kutoka juu hadi chini, wataalamu wa hesabu walikaa na mpira wa kwao na kupanga waamuzi wa ligi kwa kompyuta, wakitafuta kupunguza safari na kusambaza mechi sawasawa. Amerika, katika mchezo wao wa besiboli, Michael Trick na Hakan Yildiz waliandika swali hili mwaka 2007 kwa namna ambayo wengine wengi wameliendeleza: kundi la waamuzi lisirudi mapema kwenye kiwanja kile kile, lisikutane mapema na timu ile ile, lipite viwanja vyote, na pamoja na hayo njia iwe fupi iwezekanavyo. Waligundua jambo ambalo mpangaji wetu analijua mifupani bila kulisema: kila unapokaza sheria ya kurudia, njia inarefuka, na ukikaza kupita kiasi hakuna mpango wowote unaobaki. Mmeona hapo juu. Kwa waamuzi watano, kungoja raundi mbili tu nusura kutuache na mtu mmoja. Anayetaka raundi nne zipite na ana waamuzi watano anajidanganya. Baada ya wiki tatu atavunja sheria yake mwenyewe, na sheria iliyovunjwa mara moja kimyakimya haina mwenyewe tena. Afadhali raundi moja inayoheshimiwa.

Wao wana kompyuta kwa sababu wana mamia ya mechi. Sisi kwa timu sita tunahitaji daftari la shule. Safu za kulala ziwe majina ya waamuzi, safu za kusimama ziwe timu, na kila mechi tia alama katika visanduku viwili. Kisanduku cha uhusiano kipakwe wino chote tangu mwanzo wa msimu ili mkono usiingie. Timu sita zikicheza nyumbani na ugenini zinafanya mechi 30. Gawa kwa waamuzi watano, kila mmoja anapata mechi sita, na kila mechi ina timu mbili, basi kila mwamuzi atakuwa na alama 12 za kutawanya juu ya timu sita. Wastani ni mbili kwa kila timu, au zaidi kidogo kwa yule mwenye kisanduku kilichopakwa. Ukikuta mwamuzi mwenye alama tano kwenye timu moja na sifuri kwenye nyingine, huhitaji kumwita mganga akuambie kuna nini. Inawezekana kuna sababu nzuri. Lakini mpangaji aieleze.

Ndiyo maana nasema daftari hilo libandikwe ukutani. Sio siri. Sheria sio siri, alama sio siri. Nchini Italia mwaka 2006 taifa zima lilitikisika, na kiini chake hakikuwa mwamuzi uwanjani bali simu. Luciano Moggi wa Juventus alisikika katika mazungumzo na wapangaji wa waamuzi, Paolo Bergamo na Pierluigi Pairetto. Walikuwa na utaratibu wa mechi na waamuzi kuwekwa katika makundi halafu kupigiwa kura. Kura ilikuwepo, lakini anayeamua nani anaingia kundi gani amekwisha kuamua nusu ya kura. Juventus ilinyang'anywa ubingwa wa misimu miwili na kushushwa daraja la pili. Basi msiniambie tupige kura tu, yaishe. Kura haijui kwamba mtoto wa mtu anacheza beki. Kura inakuja mwisho, baada ya kuondoa waliofungwa, pale wanapobaki wawili walio sawa, kama Mwalimu na Fundi wangekuwa sawa katika mechi moja. Hapo tupa sarafu mbele ya watu.

Nakuja sasa kwenye jambo linalonikaa kooni, nalo ni la familia zilizokimbia.

Timu iliyopoteza kiwanja chake inaandikwa kwenye ratiba kama "nyumbani" siku kadhaa, lakini nyumbani kwake ni kwa mwingine. Watazamaji ni wa mwenyeji, waokota mipira ni wa mwenyeji, na mwamuzi wa karibu ni jirani wa mwenyeji. Kwa karatasi ina mechi tano za nyumbani; kwa ukweli ina kumi za ugenini. Anayepanga waamuzi lazima aipime hivyo. Timu ya Kanyabayonga ikicheza na timu ya Butembo mjini Butembo, hata ikiandikwa mwenyeji, ihesabiwe kama mgeni, na mwamuzi wa kati atafutwe nje ya Butembo au miongoni mwa wasio na mizizi hapa. Ni jambo dogo kuandika. Kutoliandika ndiko kunakowafanya vijana wavue jezi katikati ya msimu na kusema mpira wa huku si wetu. Wale niliowaona siku ya ile penalti hawakurudi. Nahodha wao sasa anabeba mifuko ya simenti sokoni, na nikimsalimia ananiitikia kwa adabu lakini haongei mpira.

Na upande wa pili wa jambo hili unanishangaza zaidi. Miongoni mwa wakimbizi wamo waamuzi. Walifundishwa, walifanya mitihani ya kanuni 17, walichezesha miaka mingi. Leo wanakaa Bulengera, wanakaa Mususa, wengine Beni. Lakini katika orodha anwani yao ni ile ya zamani. Mpangaji anatazama, anaona jina la mahali pasipofikika, anaruka. Mtu yuko nyuma ya soko, dakika kumi kwa miguu! Katika mfano wangu, ni nani aliyeiokoa mechi ya Kijani na Nyekundu? Ni Mgeni. Mwamuzi aliyekimbia vita ana kitu ambacho wengine wote hawana: hana upande katika ugomvi wa timu za mji, na hana safari. Ana kisanduku kimoja tu kilichopakwa wino, cha timu ya kwao. Tunalia kwamba hakuna waamuzi wasio na upande, na tumewaacha wamekaa chini ya mabati ya kupanga wakingoja simu isiyolia. (Yule ninayemfahamu, hata jina hili la Mgeni halipendi. Amesema amekaa hapa kuliko baadhi ya wachezaji.)

Kuna wanaosema mwamuzi mzuri hana ndugu uwanjani, basi tumwamini. Nawajibu kwamba sheria ya uhusiano inamlinda yeye kwanza. Baba wa Oicha akimpa mtoto wake kadi nyekundu ya haki, atalala wapi usiku ule? Akimwachia, ataitwa mwizi, hata kama alikuwa sahihi. Kumweka pale ni kumtesa. Ndiyo maana katika mashindano ya mataifa mwamuzi wa Kongo, hata awe Jean-Jacques Ndala mwenyewe, hachezeshi mechi ya Leopards. Hakuna anayemtukana kwa hilo. Ni utaratibu.

Lakini uhusiano haujulikani kwa kubahatisha. Kila mwamuzi mwanzoni mwa msimu ajaze karatasi moja: anakaa wapi sasa, anafanya kazi kwa nani, alichezea timu gani, nani wa nyumba yake yumo katika timu au uongozi wake. Na deni, maana hapa Butembo, mji wa biashara, mtu anaweza asiwe ndugu yako lakini duka lako limejaa mali yake. Akihama, ajaze upya. Wasaidizi wa bendera wajaze pia. Watu husahau kwamba bao la kuotea linakataliwa na bendera kabla filimbi haijalia.

Na pesa ya njia isitoke mfukoni mwa timu mwenyeji. Hili ndilo shimo ambalo mipango yote mizuri huangukia. Mwamuzi akishukia kwa mwenyeji, akala kwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayemlipia pikipiki ya kurudi, amekwisha kupata uhusiano mpya ambao haukuwa kwenye karatasi yoyote. Timu zote zitoe mwanzoni kiasi kile kile katika sanduku moja, na safari zilipwe kutoka humo. Timu ya wakimbizi isiyo na kitu ipunguziwe au isamehewe. Baadhi ya mechi zake za Butembo hazimsafirishi mwamuzi mbali, kwa hiyo sanduku halitalia sana.

Neno moja kwa wenzangu wa redio, kwa sababu nasi tuna kosa letu. Tunapenda kutangaza kila kitu. Majina ya waamuzi yatangazwe, ndiyo, Ijumaa, ili mwenye pingamizi la uhusiano aliandike na lisomwe kabla ya mechi. Si Jumatatu akiwa ameshapoteza. Lakini msitangaze kwamba fulani anaondoka Beni saa kumi na mbili asubuhi kwa njia ya Oicha. Kuna masikio mengi msituni. Na mpangaji awe na jina la pili kwa kila mechi ya mbali, mtu aliye safi na aliye karibu na kiwanja, kwa siku ambayo njia itafungwa. Akikosekana mtu safi, mechi iahirishwe. Nimewahi kuambiwa kuahirisha ni aibu. Tumeahirisha masoko, shule na harusi kwa ajili ya vita hivi. Mechi ya Oicha inaweza kungoja Jumatano.

Mpangaji wa yale mashindano ya vijana nilimpelekea daftari wiki iliyopita, nikiwa nimechora mistari mwenyewe. Akaligeuza mikononi, akasema: "Yaya, hii itanipotezea usiku mzima." Nilikaa naye. Tukaanza kupaka wino visanduku vya uhusiano. Alipofika kwenye jina la mpwa wa mwenye timu alinitazama, akacheka kidogo, akapaka. Raundi ya kwanza ilituchukua chini ya saa moja, tukinywa chai. Ameniahidi kulibandika kwenye mlango wa ofisi Ijumaa. Nitapita pale Jumamosi asubuhi kuangalia.